Chekeche la namba tasa halina kugawanya ndani yake

*Jambo Mwalimu. Niko mwaka wa pili wa informatiki hapa Bukavu. Tulifundishwa chekeche la kutafuta namba tasa, tukaambiwa ni la haraka kuliko kupima namba moja moja. Nimeliandika kwa Python: nachukua namba ya kwanza, naondoa zote zinazogawanyika kwayo, narudia. Mpaka 10,000 linaenda vizuri, lakini nikiweka 1,000,000 nangoja mpaka batri inaisha. Mbona langu linachelewa hivi?*

Mdogo wangu, majibu unayoyapata ni sahihi, na ndiyo maana kosa limejificha vizuri. Nimesoma programu uliyonitumia, na shida yote imekaa kwenye mstari mmoja:

```python
orodha = [x for x in orodha if x % p != 0]
```

Hiyo alama ya `%` ndiyo inayokula batri yako. Kila inapotokea, mashine inagawanya namba moja kwa nyingine ili kuona kama kuna baki. Maana yake programu yako bado inapima namba moja moja, ila imebadilisha mpangilio: badala ya kuchukua namba moja na kuipitisha kwa vigawo vyote, inachukua kigawo kimoja na kukipitisha kwa namba zote zilizobaki. Ukitazama orodha inavyopungua unaona kama chekeche. Ukihesabu kazi inayofanyika ndani, ni upimaji ule ule.

Tuifuate namba 97 tu, kikomo kikiwa 100. Katika programu yako 97 inagawanywa kwa 2, inabaki 1. Inagawanywa kwa 3, inabaki 1. Kwa 5, inabaki 2. Kwa 7, inabaki 6. Kwa 11, inabaki 9. Inaendelea hivyo kwa kila namba tasa iliyo chini yake, hadi 89, na mwisho inagawanywa kwa yenyewe. Hiyo ni migawanyo 25, na ile 24 ya kwanza haikutoa chochote isipokuwa neno "hapana". Namba tasa ya kwanza inalipa mgawanyo 1, ya pili 2, ya ishirini na tano 25. Kwa maneno mengine, namba unazozitafuta ndizo zinazokugharimu kuliko zote, na kadiri zinavyoongezeka, kila inayofuata inakuwa ghali zaidi.

Na hapa kuna jambo ambalo huenda likakushangaza. Mtu anayepima kawaida, bila kulitaja chekeche hata kidogo, lakini akajua kusimama mahali panapostahili, anakushinda. Yeye akiipima 97 anagawanya kwa 2, 3, 5 na 7, kisha anaacha, kwa sababu 11 × 11 ni 121, imeshapita 97. Kama 97 ingekuwa na vigawo viwili vinavyozidi 10, kuvizidisha kungetoa zaidi ya 100. Kwa hiyo anamaliza kwa migawanyo 4, wewe kwa 25. Nimehesabu kazi yote mpaka 100: programu yako inagawanya mara 436, yule mpimaji mwenye busara anagawanya mara 181.

Chekeche lenyewe linaigusa 97 mara ngapi? Hata mara moja. Hilo ndilo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote, na njia nzuri ya kuliona ni kuiacha mashine pembeni kidogo.

Jioni moja huko Kadutu umeme ulikuwa umekatika, na mtoto wa dada yangu alikuwa anatafuta cha kufanya. Nikampa kaye ya vichumba na biki, nikamwambia aandike namba kutoka 1 hadi 100, sita kwa kila mstari. Alipata mistari 17, wa mwisho ukiwa na namba nne tu. Nikamwambia afute 1, maana hiyo haihesabiwi kuwa tasa. Halafu aache 2, na kuanzia hapo afute kila namba ya pili. Kisha aache 3, afute kila ya tatu. Alikuwa bado hajafundishwa kugawanya kwa 7, wala sikumwomba agawanye kitu. Alikuwa anahesabu kwa sauti, kidole kikisogea: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, futa. Kabla mshumaa haujafika nusu alikuwa na namba tasa zote 25 mbele yake.

Mtoto asiyejua kugawanya alipata orodha kamili. Kama chekeche lingekuwa linagawanya, jambo hilo lisingewezekana. Chekeche linaruka kwa hatua zilizo sawa, basi. Hatua ya 7 kuanzia kwenye kigawe kimoja cha 7 inakuangusha kwenye kigawe kinachofuata, na huna haja ya kuuliza kama ni kigawe. Unajua tayari, kwa sababu umefika hapo kwa kujumlisha 7. Namba zilizo katikati hazikuulizwa swali lolote. Mpimaji anabisha hodi kwenye kila nyumba ya mtaa akiuliza "wewe ni kigawe cha 7?", na katika nyumba saba, sita zinajibu hapana. Mwenye chekeche anakwenda moja kwa moja kwenye ile ya saba. Kila mguso wake unaangukia namba inayostahili kufutwa, na namba tasa zinabaki mwishoni kwa sababu tu hakuna aliyewahi kuzifikia.

Hata maelezo ya zamani yanalisema hivyo. Njia hii inaitwa kwa jina la Eratostenesi wa Kirene, aliyeishi karne ya 3 kabla ya Kristo na kuongoza maktaba ya Aleksandria kule Misri. Maelezo yaliyotufikia ni ya Nikomako wa Gerasa, aliyeandika yapata mwaka 100 baada ya Kristo. Yeye anapanga namba witiri peke yake, 3, 5, 7, 9 na kuendelea, kisha anasema 3 iruke mbili na kugonga ya tatu, 5 iruke nne na kugonga ya tano. Ni kuruka na kugonga, siyo kugawanya. Mstari wako wa `%` umeliacha jambo lenyewe aliloeleza, ukabaki na jina.

Turudi kwenye kaye, maana mpangilio wa sita sita una faida yake. Vigawe vya 2 vinajaza safu nzima ya pili, ya nne na ya sita. Vya 3 vinajaza ya tatu na ya sita. Baada ya hizo mbili, zilizobaki zaidi ya 3 ziko kwenye safu ya kwanza na ya tano peke yake. Vigawe vya 5 vinashuka kwa mshazari kuelekea kushoto, vya 7 vinashuka kuelekea kulia. Kwa hiyo ukikosea kuhesabu unaona kwa macho. Yule mtoto alipotoka 70 alihesabu sita badala ya saba, akaweka alama kwenye 76. Alama ikakaa chini kabisa ya 70 badala ya kwenda upande wa kulia, mshazari ukavunjika, akashtuka mwenyewe kabla sijasema kitu. Kama asingeshtuka, 77 ingebaki kwenye orodha kana kwamba ni tasa.

Sasa tuhesabu kazi yake. Kwa 2 alianza kufuta 4, akafuta namba 49. Kwa 3 hakuanza na 6, alianza na 9, akafuta 31. Kwa 5 alianza na 25, akafuta 16. Kwa 7 alianza na 49, akafuta 8. Jumla ni 104. Linganisha na 181 za mpimaji mwenye busara na 436 zako.

Kwa nini 7 ianze na 49? Kwa sababu 7 × 2, 7 × 3, 7 × 4, 7 × 5 na 7 × 6 zote zina kigawo kidogo kuliko 7, kwa hiyo 2, 3 au 5 ilishazifuta. Namba ya kwanza ambayo 7 inaweza kuikuta bado ni nzima ni 7 × 7. Sababu hiyo hiyo inakuambia mahali pa kusimama: 11 ingeanza na 121, nayo haipo kwenye karatasi, basi kazi imekwisha. Ukifika kwenye namba ambayo mraba wake unapita kikomo, chochote kilichobaki bila alama ni tasa.

Katika zile 104, namba zilizostahili kufutwa ni 74 tu. Miguso iliyozidi, 30, inatoka kwa namba zilizofutwa zaidi ya mara moja, kama 12 iliyofutwa na 2 ikafutwa tena na 3, au 84 iliyofutwa na 2, 3 na 7. Huo ndio upotevu wa chekeche, na ni mdogo. Unaweza kuukadiria bila mashine: 2 inagusa nusu ya namba zote, 3 inagusa theluthi, 5 inagusa moja ya tano, 7 moja ya saba. Nusu, theluthi, moja ya tano na moja ya saba ukizijumlisha unapata 1.18 hivi. Maana yake kila namba inaguswa kwa wastani mara moja na kidogo.

Uzuri ni kwamba wastani huo unapanda polepole sana. Kikomo kikiwa 1,000,000 unatumia namba tasa zote hadi 1,000, ambazo ni 168, lakini zile za mwisho zinagusa kidogo sana. 997 inagusa namba moja tu katika kila 997. Jumla yote inafika kama miguso milioni 2.1, yaani mara 2.1 kwa kila namba. Ukipandisha kikomo mpaka miliari moja, wastani unafika kama 2.5 tu. Upande wa pili, tazama kinachompata mpimaji. Yule mwenye busara, kwa 1,000,000, anagawanya zaidi ya mara milioni 7 kwa ajili ya namba tasa peke yake, bila kuhesabu zile nyingine. Akifika karibu na miliari moja, kila namba tasa inamtaka migawanyo zaidi ya 3,000. Na wewe? Namba tasa hadi milioni moja ni 78,498. Ya kwanza inalipa 1, ya mwisho inalipa 78,498, na jumla yake ni zaidi ya miliari 3 za migawanyo. Ndiyo maana 10,000 ilikwenda vizuri, maana kule kuna namba tasa 1,229 tu na jumla yake haifiki hata milioni moja. Kikomo kilikua mara 100, lakini kazi kwa namba tasa ilikua mara elfu 4 hivi. Tena kugawanya kwenyewe kunaigharimu mashine kuliko kujumlisha.

Programu iliyo sawa ni fupi tu kama yako:

```python
def chekecha(n):
    tasa = bytearray([1]) * (n + 1)
    tasa[0] = tasa[1] = 0
    p = 2
    while p * p <= n:
        if tasa[p]:
            for k in range(p * p, n + 1, p):
                tasa[k] = 0
        p += 1
    return [i for i in range(n + 1) if tasa[i]]
```

Ona kwamba hakuna `%` wala `/` popote. Ona pia kwamba namba haiondolewi kwenye orodha, inawekewa alama tu mahali ilipo, kama kwenye kaye. Hili si jambo dogo. Ukiziondoa kweli kweli, mahali panasogea, na "kila ya saba" haiangukii tena kwenye vigawe vya 7. Ndipo mtu analazimika kugawanya ili ajue kigawe ni kipi. Nadhani hapo ndipo ulipoteleza: uliambiwa "ondoa", ukaondoa.

Makosa mawili hujitokeza mara nyingi kwa wanaoandika programu hii mara ya kwanza. La kwanza ni kuandika `<` mahali pa `<=` kwenye mstari wa `while`. Mara nyingi halionekani, mpaka kikomo kiwe mraba wa namba tasa: ukiweka 49, programu inaacha kabla ya 7 kufanya kazi, na 49 inatokea kwenye orodha kama tasa. Kwa hiyo jaribu daima na 49 na 121. La pili ni kuanza `range` na `p` yenyewe badala ya `p * p`. Hapo 2 inajifuta, 3 inajifuta, na orodha inakosa namba zake za mwanzo. Kipimo cha haraka ni kuhesabu zilizopatikana: hadi 100 ziwe 25, hadi 1,000 ziwe 168, hadi 10,000 ziwe 1,229, hadi 1,000,000 ziwe 78,498. Ukipata moja zaidi au moja pungufu, kuna mpaka ulioukosea.

Kuna hali moja ambayo mimi mwenyewe sitafuti chekeche: nikiulizwa kuhusu namba moja peke yake. Ukitaka kujua kama 1,000,003 ni tasa, usichekeche milioni nzima kwa ajili yake. Chekecha hadi 1,000, upate zile 168, kisha igawanye 1,000,003 kwa kila moja. Zote zitaacha baki, nayo ni tasa. Chekeche linashinda pale unapotaka orodha yote, kwa sababu hatua moja ya 7 inawahudumia vigawe vyote vya 7 kwa pamoja. Namba ikiwa moja, hakuna wa kugawana naye gharama hiyo.

Gharama ya kweli ya chekeche ni nafasi. Mpimaji anahitaji kukumbuka kidogo tu. Chekeche linataka kaye nzima iwe wazi mezani. Ndiyo maana nimetumia `bytearray`, inayochukua baiti moja kwa kila namba: milioni moja ni megabaiti moja. Ukiandika `[True] * (n + 1)` kama wengi wanavyofanya, kila sehemu inachukua baiti 8. Kwa milioni moja hutaona tofauti, ila kwa miliari moja hiyo ni gigabaiti 8, na mashine yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 itakwama, au itaanza kuhamishia vitu kwenye diski na kuchelewa vibaya sana. Dalili ni kwamba taa ya diski haizimi na hata kipanya kinasogea kwa shida. Kuacha namba shufwa, kama alivyofanya Nikomako, kunapunguza nusu. Lakini dawa kamili ni kuchekecha kwa vipande.

Tuseme umeshachekecha hadi 1,000 na unataka kuendelea kuanzia 1,000 hadi 1,029, bila kushika chochote kingine kwenye kumbukumbu. Mraba wa 32 ni 1,024, na wa 33 umepita kipande, basi unahitaji namba tasa hadi 31 tu. Kazi pekee mpya ni kujua kila moja inaanzia wapi ndani ya kipande. Hapo ndipo unagawanya, mara moja kwa kila namba tasa, wala si mara moja kwa kila namba ya kipande: 1,000 kwa 7 inatoa 142 na baki, kwa hiyo kigawe cha kwanza ni 7 × 143, yaani 1,001. Kutoka hapo unaruka tu: 1,001, 1,008, 1,015, 1,022, 1,029. Kwa 13 unaanza pia na 1,001, kisha 1,014 na 1,027. Kwa 17 unaanza na 1,003, kisha 1,020. Kwa 19 ni 1,007 na 1,026. Zile 1,003, 1,007 na 1,027 ndizo zinazowadanganya watu wanaopima kwa kichwa, maana hazifutwi na 2, 3, 5 wala 7. Ukimaliza na 23, 29 na 31, ambazo hapa hazifuti kipya chochote, zinazobaki bila alama ni 1,009, 1,013, 1,019 na 1,021. Unaziandika pembeni, unasafisha kipande, unaanza kingine cha kuanzia 1,030.

Kwa kufika miliari moja, kile unachoshika muda wote ni namba tasa hadi 31,622, ambazo ni 3,401 tu, pamoja na kipande kimoja. Kwa kuanzia chukua kipande cha namba 100,000. Kikiwa kidogo mno, kama hiki changu cha 30, muda wote unaishia kwenye kutafuta mahali pa kuanzia.